Eksirei ya meno ya mtoto: mama auliza, daktari ajibu

Mtoto ana miaka 6. Siku tatu hizi amekuwa akitafunia upande mmoja tu, na usiku wa kuamkia leo ameamka analia, kiganja kimebana shavu la kulia. Asubuhi mama yake amemleta kliniki ya meno jijini Dar es Salaam. Mtoto ameamkia, ameitikiwa marahaba, amepanda kwenye kiti kirefu na kufunua mdomo. Kioo kidogo chenye mpini kimepita juu, kimepita chini, kikasimama kwenye gego la chini kulia lenye tundu jeusi ambalo hata mama analiona. Daktari anashusha barakoa na kusema, "Mama, kabla sijagusa chochote, naomba tumpige picha mbili za eksirei."

Mama anaweka mkono begani kwa mwanawe. "Eksirei, daktari? Hiyo mionzi si ndiyo inayoleta saratani? Na huyu bado mdogo hivi."

Kisa cha namna hii hutokea kila siku, na hofu ya mama huyu ina msingi. Mionzi ya eksirei ina nguvu ya kukata nyuzi za urithi zilizomo ndani ya seli. Seli nyingi hujitengeneza zenyewe, na nyingine hufa bila kuleta shida. Ila ikitokea seli ikajiunga vibaya na ikaendelea kuzaana, miaka mingi baadaye inaweza kuwa mwanzo wa saratani. Daktari mkweli hawezi kulikana hilo. Kinachobaki ni kujua mionzi inayotumika kwa jino la mtoto ni kiasi gani, na ni nini hukiongeza au kukipunguza kiasi hicho. Hapo ndipo mzazi mwenyewe anapopata nafasi ya kumlinda mwanawe.

"Tundu si linaonekana, picha ya nini?"

Hili lilikuwa swali la pili la mama, ingawa ndilo lililostahili kutangulia. Picha isiyo na sababu haifai hata kama mionzi yake ni kidogo kiasi gani.

Gego lina pande tano: ule wa juu wa kutafunia, wa shavuni, wa ulimini, na miwili ya ubavuni inayotazamana na meno jirani. Macho na kioo huona ile mitatu ya kwanza. Magego mawili ya utotoni kila upande, mtoto anapofika miaka 4 au 5, mara nyingi huwa yameshabanana ubavu kwa ubavu, na pale yanapogusana mswaki haupiti wala kioo hakioni. Kuoza kwingi kwa magego ya utotoni huanzia hapo. Tena gamba gumu la nje la jino la utotoni ni jembamba, unene wake ukikaribia nusu ya lile la jino la mtu mzima, na kiini chenye mshipa kiko karibu. Kwa hiyo jino linaweza kuoza ubavuni kwa miezi kadhaa huku juu likionekana zima, na siku linapobomoka mshipa umeshaguswa.

Katika kisa hiki daktari anatafuta mambo mawili. La kwanza ni kina: je, uozo wa gego lenye tundu umefika kwenye kiini, na je, mfupa ulio pale mizizi inapoachana umeanza kuliwa na usaha? Jibu la swali hilo ndilo linaloamua kama jino litazibwa au litang'olewa, na ndani ya mfupa huo huo kuna jino la ukubwani linalojijenga, ambalo usaha wa muda mrefu unaweza kulitia kasoro kabla halijatoka. La pili ni majirani. Gego lililo nyuma yake linaonekana safi, lakini ubavu wake unaogusana na lile bovu haujaonwa na mtu.

Picha atakayopigwa huitwa ya kung'ata. Kibao kidogo cha kupokea picha husimamishwa ndani ya meno, upande wa ulimi, na mtoto hung'ata kishikio chake, basi vichwa vya meno ya juu na ya chini vikaonekana pamoja. Moja ya kulia, moja ya kushoto.

Yapo mazingira ambayo daktari mwangalifu hapigi picha. Mtoto wa miaka 3 mwenye meno yaliyoachana, pande zote zikionekana kwa kioo, bila maumivu wala tundu, hana cha kupigiwa picha. Na kliniki ambayo mtoto anapelekwa kwenye mashine kabla daktari hajafunua mdomo wake na kuuliza historia yake inaanza safari kutoka mwisho. Mwongozo wa mwaka 2012 wa Chama cha Madaktari wa Meno cha Marekani, uliotolewa pamoja na mamlaka ya chakula na dawa ya nchi hiyo, unalisema hilo wazi: uchunguzi wa macho kwanza, picha baadaye, na kwa kila mtoto kwa sababu yake mwenyewe.

Kwetu Afrika Mashariki ipo sababu nyingine ambayo vitabu vya ughaibuni huigusia kwa mbali. Baadhi ya watoto wachanga waliokuwa na homa au kuharisha walipasuliwa fizi mtaani ili kutolewa yaliyoitwa "meno ya plastiki", ambayo kwa kweli yalikuwa meno machanga ya utotoni, hasa chonge. Miaka inapopita chonge halitoki, au la ukubwani linatoka likiwa na umbo la ajabu. Hapo picha ndiyo njia ya kujua kama chini ya fizi kuna jino au hakuna.

"Sasa hiyo mionzi ni kiasi gani?"

Kiasi cha mionzi anachopokea mtu hupimwa kwa maikrosiveti. Kipimo hicho ni kidogo mno, na kinaeleweka vizuri zaidi kikilinganishwa na maisha ya kawaida, maana binadamu anaishi ndani ya mionzi tangu azaliwe. Inatoka kwenye mawe na udongo, kwenye gesi inayovuja ardhini, angani, na hata kwenye chakula. Wastani wa dunia ni kama maikrosiveti 2,400 kwa mwaka, yaani kati ya 6 na 7 kila siku, mtu awe amelala au anacheza.

Mwaka 2008 mtaalamu wa Marekani, John Ludlow, na wenzake walichapisha vipimo vya mashine za meno, walivyovichukua kwa kutumia sanamu ya kichwa iliyotegwa vipimia mionzi. Walipima seti nzima ya picha 18 za mdomo. Ukigawanya majibu yao kwa picha moja moja unapata jambo la kushangaza. Kwa kibao cha kisasa au filamu ya kasi, na mdomo wa mashine wa mstatili, picha moja ilikuwa kama maikrosiveti 2. Kwa filamu ile ile ya kasi lakini mdomo wa mashine wa mviringo, ilipanda hadi kati ya 9 na 10. Kwa filamu ya zamani ya taratibu na mdomo wa mviringo, ilizidi 21.

Turudi kwa mtoto wetu na picha zake mbili. Sanamu ile ilikuwa ya mtu mzima, kwa hiyo hesabu hii ni ya makadirio. Kwenye mashine nzuri atapokea kama maikrosiveti 4, pungufu ya mionzi anayoipata kwa siku moja akiwa nyumbani kwao. Kwenye mashine iliyopangwa vibaya na yenye filamu ya zamani atapokea zaidi ya 40, yaani mionzi ya siku sita au saba. Hata hicho cha pili ni kidogo. Lakini jino ni lile lile na picha inaonyesha yale yale, na kiasi kimezidi mara kumi. Kwa maoni ya mwandishi, hapo ndipo mzazi apeleke wasiwasi wake.

Mionzi hiyo haibaki mwilini. Eksirei hutoka mashine inapowashwa na hukoma inapozimwa, kama mwanga wa taa, na kwa jino muda wenyewe ni sehemu ndogo ya sekunde. Mtoto haondoki na kitu cha "kukisafisha" kwa maziwa wala dawa ya mitishamba.

"Lakini mtoto si kama mtu mzima."

Kweli kabisa, na hapa mama ana haki. Seli za mtoto zinagawanyika kwa kasi, na ana miaka mingi mbele yake ya kuishi na kosa lolote litakalotokea leo. Shingo yake ni fupi, kwa hiyo tezi ya shingo, ambayo kwa watoto ni nyepesi kudhurika kwa mionzi, iko karibu na taya linalopigwa picha. Wataalamu hukadiria kwamba kwa kiasi kile kile cha mionzi, mtoto ana hatari mara mbili hadi tatu ya mtu mzima.

Basi tufanye hesabu kwa upande mbaya. Kwa viwango vidogo namna hii hakuna aliyeweza kuona saratani moja kwa moja na kuihesabu. Kinachofanyika ni kuchukua madhara yaliyoonekana kwa watu waliopata mionzi mingi, kama manusura wa Hiroshima na Nagasaki, na kuyagawa kwa uwiano hadi kufikia viwango vidogo, kwa kudhani kwamba hakuna kiwango kisicho na madhara kabisa. Ukitumia njia hiyo, na ukazidisha mara tatu kwa sababu ya utoto, watoto milioni moja wakipigwa picha mbili kama hizi kwenye mashine nzuri, hesabu inatoa pungufu ya saratani moja ya ziada katika maisha yao yote. Katika watoto hao hao milioni moja, kama 200,000 watapata saratani maishani kwa sababu nyingine, kwa kuwa duniani takriban mtu mmoja kati ya watano huupata ugonjwa huo.

Upande wa pili wa mizani kuna kitu kisichohitaji hesabu: mtoto asiyelala kwa maumivu, na usaha unaoweza kutoka kwenye jino na kuvimbisha shavu hadi chini ya jicho au shingoni, akalazwa.

"Mbona kuna utafiti uliosema eksirei za meno zinaleta uvimbe kwenye ubongo?"

Mama ameuona kwenye kundi la wasapu, na utafiti huo upo. Ulichapishwa mwaka 2012 na Elizabeth Claus wa Chuo Kikuu cha Yale na wenzake. Walichukua watu wazima 1,433 wenye uvimbe wa utando wa ubongo, uvimbe ambao mara nyingi si saratani, wakawalinganisha na watu 1,350 wasio nao, na kuwauliza kila mmoja aliwahi kupigwa picha gani za meno maishani. Wenye uvimbe walitaja picha za kung'ata mara nyingi zaidi, na waliosema walipigwa picha ya taya zima kabla ya miaka 10 walionekana kuwa na hatari kubwa zaidi.

Udhaifu wake uko kwenye neno "kuwauliza". Hakuna faili za kliniki zilizofunguliwa. Mtu mwenye umri wa miaka 55 aulizwe alipigwa picha ngapi za meno akiwa na miaka 8! Mgonjwa aliyekaa miezi akijiuliza ugonjwa wake umetoka wapi huchimba kumbukumbu kuliko mtu mzima wa afya aliyepigiwa simu tu. Majibu yenyewe pia hayakukubaliana: seti nzima ya picha za mdomo, ambayo ndani yake zimo hizo hizo za kung'ata na nyingine nyingi juu yake, haikuonyesha ongezeko la namna ile. Kama mionzi ndiyo iliyokuwa chanzo, wenye picha nyingi ndio wangeongoza. Na waliohojiwa wengi walipigwa picha miongo kadhaa nyuma, kwa filamu na mashine za kiasi kikubwa kuliko cha leo.

Utafiti huo haustahili kutupwa. Unakumbusha kwamba picha zilizopigwa ovyo miaka ya nyuma huenda hazikuwa bure. Ila hauwezi kutumiwa kumwambia mama wa leo kwamba picha mbili za kung'ata zitamletea mwanawe uvimbe.

"Nitajuaje kama mashine yao ni nzuri?"

Mzazi hana kipimia mionzi, lakini ana macho. Atazame mdomo wa mashine, lile bomba fupi linaloelekezwa shavuni. Kwenye mashine nyingi bomba hilo ni la mviringo, kipenyo chake kama sentimita 7. Mviringo huo una eneo la sentimita za mraba zipatazo 38. Kibao kidogo kabisa kinachoingia kwenye mdomo wa mtoto kina upana wa sentimita 2 na ushei kwa urefu wa 3 na nusu, eneo lisilofika sentimita za mraba 8. Maana yake, sehemu moja tu kati ya tano ya mionzi inayogonga shavu inaelekea kwenye kibao. Sehemu nne zilizobaki zinapita kwenye mashavu, ulimi, mate na pengine tezi ya shingo, wala hazichori chochote kwenye picha. Bomba la mstatili hukata sehemu kubwa ya upotevu huo. Si lazima kununua mashine mpya. Kuna kipande cha mstatili kinachopachikwa mbele ya bomba la mviringo, na ni moja ya matumizi ya fedha yenye tija kubwa kwa kliniki ndogo.

Kitu cha pili ni kinachopokea picha. Kliniki nyingi za mijini sasa hutumia kibao kinachopeleka picha kwenye kompyuta. Kuna kigumu chenye waya, ambacho mtoto mdogo hukikataa kwa kuwa kinamchoma chini ya ulimi, na kuna chembamba kinachopinda kidogo, kinachosomwa kwenye mashine yake baada ya kutolewa mdomoni. Kwa miaka 6 hiki cha pili hukaa vizuri zaidi. Kwingine filamu bado inatumika, na filamu si dhambi, mradi iwe ya kasi.

Penye filamu ndipo penye kosa linalojificha. Filamu husafishwa kwa dawa gizani. Dawa hiyo huchoka: ikikaa siku nyingi bila kubadilishwa, au chumba kikiwa na baridi, picha hutoka nyeupe na hafifu. Dawa ikimwagwa na kuwekwa mpya, kazi imekwisha. Lakini mhudumu aliyebanwa na foleni huongeza muda wa mionzi badala yake, picha ikarudi kuwa nyeusi ya kutosha, na kuanzia hapo kila mtoto anayepita anapokea mionzi ya ziada kufidia dawa iliyochoka. Mzazi akioneshwa filamu hafifu na kuambiwa "tunarudia, tunaongeza kidogo", ana haki ya kuuliza kwa heshima dawa ilibadilishwa lini.

Kurudia picha, kwa jumla, ndiko kunakoongeza mionzi bila faida. Picha hurudiwa kwa sababu mtoto alitikisika, kibao kilihama, au bomba lilielekezwa kando ikatokea nusu tupu yenye ukingo wa duara. Mara moja inasameheka. Mtoto aliyeshindwa mara mbili ni afadhali aachwe apumzike, au arudi siku nyingine kama hakuna dharura, kuliko kupigwa ya tatu na ya nne huku analia.

Nchini Tanzania mashine hizi husajiliwa na kukaguliwa na Tume ya Nguvu za Atomu, na nchini Kenya na Mamlaka ya Udhibiti wa Nyuklia. Kuuliza kama kliniki ina leseni ya mionzi si utovu wa adabu.

"Mbona hamjamvalisha lile vazi zito?"

Vazi la risasi ndilo ambalo wazazi wengi hulitafuta kwanza, na mwaka 2024 jambo hili liliwachanganya wengi. Mwezi Februari mwaka huo Chama cha Madaktari wa Meno cha Marekani kilitangaza kwamba aproni ya risasi na kola ya kukinga tezi hazihitajiki tena kwa picha za meno, kwa watoto na wakubwa, hata wajawazito. Sababu ni kwamba mwale wa siku hizi ni mwembamba na unaelekezwa mdomoni tu. Mionzi michache inayofika tumboni au kifuani husafiri ndani ya mwili wenyewe ikitokea kichwani, na vazi la nje haliizuii. Tena vazi likipanda vibaya huziba sehemu ya picha, na picha ikarudiwa.

Hoja hiyo ni sahihi pale masharti yake yanapotimizwa, yaani bomba la mstatili na kibao cha kisasa. Penye bomba la mviringo na filamu, kola ya shingoni kwa mtoto ni tahadhari ya busara wakati wa picha ya kung'ata, kwa kuwa haiingii kwenye njia ya picha. Kwa hiyo kliniki isiyo na aproni huenda inafuata mwongozo mpya, na kliniki yenye aproni nzuri ukutani huenda ina bomba pana linalomwaga mionzi. Bomba lina habari nyingi kuliko vazi.

"Nikae naye nimshike?"

Mama anaweza kubaki chumbani, akisimama mbali kidogo, nje ya njia ya mwale. Sauti yake humtuliza mtoto kuliko maneno ya mgeni. Akiwa mjamzito, atoke na mtu mwingine wa nyumbani aingie. Ikibidi mtoto ashikwe kweli, anayemshika avae kinga, na vidole vyake visiwe mbele ya bomba.

Mhudumu wa kliniki asishike kibao kwa mkono wake kamwe, na kanuni hiyo imelipiwa kwa gharama kubwa. Edmund Kells, daktari wa meno wa New Orleans, alianza kupiga picha za meno mwaka 1896, miezi michache tu baada ya Röntgen kugundua eksirei huko Ujerumani. Kwa miaka mingi alipima nguvu ya mashine yake kwa kuweka mkono wake mwenyewe mbele ya mionzi. Saratani ilianza vidoleni. Alikatwa vidole, kisha kiganja, kisha mkono, akafa mwaka 1928. Yeye alipokea kila siku, kwa miaka, kwa mashine za wakati ambao picha moja ilihesabiwa kwa dakika. Mhudumu wa leo akirudi nyuma hatua kadhaa kabla ya kubonyeza kitufe, mzazi asidhani kwamba anakimbia hatari anayomwachia mtoto. Mtoto anapigwa picha mbili. Mhudumu angepokea mabaki ya picha za wagonjwa wote wa mwaka mzima.

"Kwa nini wasimpige ile moja kubwa inayozunguka kichwa, yakaisha?"

Picha ya taya zima, OPG, huonyesha meno yote pamoja na yale yaliyo bado ndani ya mfupa. Katika vipimo vile vya 2008 ilikuwa kati ya maikrosiveti 14 na 24. Ni nzuri kwa kujua kama jino la ukubwani lipo, au kama taya limevunjika. Kwa kutafuta uozo mdogo ubavuni mwa magego haina makali ya kutosha, kwa sababu meno hupandana kwenye picha. Na mtoto lazima asimame bila kutikisika kwa sekunde kumi na zaidi wakati mashine inamzunguka, jambo ambalo mwenye miaka 6 na maumivu hulishindwa.

Kubwa kuliko hiyo ni picha ya pande tatu, ambayo mionzi yake huanzia makumi ya maikrosiveti na kufika mamia. Ina kazi yake, kwa mfano chonge lililolala ndani ya mfupa na kusukuma mizizi ya jirani. Mzazi akiambiwa mtoto apigwe hiyo kwa sababu ya tundu la gego, asikubali hadi aelezwe ni kitu gani ambacho picha ndogo imeshindwa kukionyesha.

Picha zimepigwa. Mtoto alifanya zoezi moja kwanza, kung'ata kishikio bila mashine kuwashwa huku akihesabu hadi tatu, na mara ya pili alipohesabu mlio mfupi ulisikika, kazi ikaisha. Upande wa kushoto ni safi. Upande wa kulia, gego lenye tundu limeoza hadi kwenye kiini, na pale mizizi inapoachana kuna kivuli cheusi: mfupa umeliwa. Chini yake linaonekana jino la ukubwani, zima, bado limefunikwa. Na kwenye ubavu wa gego la nyuma, lile lililoonekana safi, kuna pembetatu ndogo ya giza iliyoelekea ndani.

Mama alikuja akidhani jino moja litazibwa. Sasa moja litang'olewa kwa ganzi na lingine litazibwa kabla halijafika huko. Hofu ya mionzi imeondoka usoni pake, na nafasi yake imechukuliwa na swali jingine: pengo hilo litakaa wazi mpaka lini?

"La ukubwani hapo hutoka miaka 10 na kuendelea, mama," daktari anasema. "Ndiyo maana tukishang'oa tutaweka kishikio cha waya, lile la nyuma lisije likasogea mbele na kuziba njia."

Kisha anaandika kwenye kadi ya mtoto tarehe, idadi ya picha na upande uliopigwa, na kuzituma zote mbili kwenye simu ya mama, ili kliniki nyingine ikitaka kujua hali ya meno hayo izitazame kwanza. Kwa mtoto ambaye meno yake yanaoza, picha ya kung'ata hurudiwa baada ya miezi 6 hadi 12; kwa asiye na tatizo na ambaye pande za meno yake hazionekani, mwaka hadi miaka miwili. Mama anaipiga kadi picha kwa simu, pande zote mbili, kisha anamshika mtoto mkono wakati sindano ya ganzi inaandaliwa.